Marko Alipotangulia: Uhakiki wa Injili katika Karne ya 19

Katika mwaka 1537 mwanachuoni mmoja wa Kilutheri, Andreas Osiander, alitoa kitabu cha kuziunganisha Injili nne ziwe habari moja, na kwa kuwa alishika itikadi kwamba hapana neno hata moja la Injili liwezalo kuwa na kasoro, alijiwekea kanuni ya kuwa jambo likisimuliwa mara mbili kwa namna zisizolingana, basi na lilitokea mara mbili. Kwa kanuni hiyo binti wa Yairo ilimlazimu afe na kufufuliwa zaidi ya mara moja, na pepo wachafu waliingia katika kundi la nguruwe mara hii wakimtoka mtu mmoja, na mara ile wakiwatoka wawili. Msomaji wa zama hizi hatakosa kutabasamu, lakini Osiander hakuwa mjinga. Aliziona hitilafu ambazo wengine walizipita wamefumba macho, akatafuta njia ya kuzisuluhisha pasipo kumkadhibisha rawi yeyote. Msingi wa suluhu yake ulikuwa dhana ambayo hakuna aliyefikiri kuiuliza, nayo ni kwamba mbele yetu wamesimama mashahidi wanne, na kila mmoja anasema aliyoyajua mwenyewe.

Karne ya 19 iliivunja dhana hiyo, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye kiini cha habari yote ya kumtafuta Yesu wa historia. Imekuwa ada kusimulia kwamba mafundisho ya Kanisa yalitikiswa na watu waliokana miujiza. Lakini wenye kukana miujiza walikuwapo tangu zama za Celsus, yule mpagani wa karne ya 2 ambaye Origene alimwandikia jawabu refu, na Kanisa lilikwisha kuzoea kuwajibu watu wa namna hiyo kama mtu azoeavyo kumjibu mdai wake wa siku nyingi. Jambo lisilozoeleka lilikuwa ni swali la wanyamavu, watu wa vyumba vya kusomea, ambao hawakuuliza kama muujiza wawezekana, bali waliuliza nani alinakili kwa nani.

Mwanzo wa mambo, hata hivyo, haukuwa wa kinyamavu. Hermann Samuel Reimarus, mwalimu wa lugha za mashariki katika mji wa Hamburg, aliandika kwa siri maandishi marefu ya kuipinga dini iliyofunuliwa, akafa mwaka 1768 bila ya kuthubutu kuyachapisha. Gotthold Ephraim Lessing, mtunza maktaba ya mtawala wa Braunschweig huko Wolfenbüttel, akaanza kuyatoa vipande vipande mwaka 1774, pasipo kumtaja mwenyewe, na kipande cha mwisho cha mwaka 1778 kilisema kwamba Yesu alitumaini kuuleta ufalme wa Masihi hapa duniani kwa maana ya Wayahudi wa zama zake, kwamba alishindwa, na kwamba wanafunzi wake waliuiba mwili na kuubuni ufufuo. Kashfa ya wizi haikudumu, kwa sababu ni shida kuamini kwamba watu hukubali kufa kwa ajili ya uongo walioutunga wenyewe. Lakini sehemu ya kwanza, ile ya ufalme uliongojwa na usije, ililala kama kaa chini ya jivu kwa zaidi ya miaka mia.

Waliofuata walikuwa wapole zaidi, na upole wao ndio uliowaponza. Heinrich Paulus, mudarisi wa Heidelberg, alitoa mwaka 1828 kitabu cha maisha ya Yesu ambamo kila muujiza ulipewa sababu ya kawaida, na rawi akaachwa na heshima yake, kwani, kwa mujibu wa Paulus, aliona kweli ila hakufahamu alichokiona. Yesu alitembea ufukoni, si juu ya maji, na ukungu ndio uliowadanganya waliokuwa chomboni. Watu 5,000 walishiba kwa sababu Yesu na wanafunzi wake walianza kuwagawia wengine chakula chao kichache, na matajiri waliokuwa na akiba zao wakaona haya, wakafanya vivyo hivyo. Ni tafsiri inayopendeza kuhubiriwa, na hata leo huisikia mimbarini kutoka kwa wahubiri wasiolijua jina la Paulus.

Aliyeikomesha ni David Friedrich Strauss, kijana wa miaka 27, mwalimu msaidizi katika seminari ya Tübingen, aliyetoa mwaka 1835 na 1836 juzuu mbili za Maisha ya Yesu zenye jumla ya kurasa zikaribiazo 1,500. Tutazame alivyoishika habari hiyo hiyo ya mikate, maana ukiufahamu mwenendo wake hapo umeufahamu katika kitabu kizima. Kwanza huwasikiliza wanaosema kwamba mikate iliongezeka kwa kudura ya Mungu, naye huwauliza iliongezekea wapi, mikononi mwa Yesu, au mikononi mwa wanafunzi, au vinywani mwa walaji, mpaka mwenye kujibu ajione anazungumza mambo ambayo Injili yenyewe haikuyataja. Kisha humgeukia Paulus na kumwonyesha kwamba matajiri wenye akiba hawamo katika maandiko hata kwa ishara, na kwamba vikapu 12 vya masazo vimewekwa pale makusudi ili msomaji asidhani jambo lilikuwa la kawaida. Pande zote mbili zimekubaliana bila ya kujua kwamba habari hiyo ni ripoti ya tukio, na zagombana juu ya sababu tu. Strauss anaikataa sulhu hiyo ya kimyakimya. Anauliza habari yenyewe imetoka wapi, na anakwenda katika kitabu cha pili cha Wafalme, ambako mtu mmoja anamletea nabii Elisha mikate 20 ya shayiri. Elisha anaamuru watu walishwe, mtumishi anashangaa kwamba kichache hicho kitawatoshaje watu 100, Elisha anarudia amri yake, wanakula, na chakula kinabaki. Mpango ni ule ule tangu mwanzo hata mwisho, pamoja na mshangao wa mtumishi na masazo ya chakula. Na Injili ya Yohana, peke yake miongoni mwa zile nne, imehifadhi hata kwamba mikate ilikuwa ya shayiri. Jamii iliyoamini kwamba Masihi atayafanya makuu ya Musa na ya manabii na kuyapita, asema Strauss, haikuhitaji mwongo wa kuitungia hadithi; imani yake na maandiko yake matakatifu viliitunga vyenyewe, kwa nia safi.

Ngano kwa maana hii si uzushi, na tofauti hiyo haikufahamika na wengi. Reimarus aliwafanya mitume kuwa wezi, Paulus akawafanya wajinga; Strauss hakuwashtaki kwa lolote. Lakini kwa mafundisho ya Kanisa dawa yake ilikuwa chungu kupita sumu za wale wawili, kwa kuwa mwongo huweza kufichuliwa na mjinga kusahihishwa, ila ngano haiachi nyuma yake tukio la kutetewa. Naye mwenyewe aliongeza mwishoni, kwa kufuata falsafa ya Hegel, kwamba sifa ambazo Kanisa humpa Kristo, yaani Uungu na ubinadamu katika nafsi moja, zapasa kueleweka juu ya wanadamu wote kwa jumla wala si juu ya mtu mmoja.

Aliondolewa Tübingen katika mwaka ule ule wa 1835. Mwaka 1839 serikali ya Zurich katika Uswisi ilimteua kuwa mudarisi wa itikadi za dini, na watu wa mashambani wakainuka. Wapiga kura karibu 40,000 walitia sauti zao dhidi yake, serikali ikasalimu amri na kumstaafisha kabla hajaingia darasani, kwa malipo ya faranga 1,000 kwa mwaka. Hata hivyo hasira haikutulia, na tarehe 6 Septemba mwaka huo wanavijiji wakiongozwa na kasisi waliingia mjini wakiimba nyimbo za dini, na serikali ikaanguka. Nadra sana kitabu cha uhakiki wa Injili kuiangusha serikali, hata iwe ya jimbo dogo.

Mwalimu wake wa zamani, Ferdinand Christian Baur, alimtia doa moja lililokuwa la haki: kwamba amehakiki habari kabla ya kuvihakiki vitabu vyenye kuzibeba habari. Strauss alizichukua Injili nne kama mtu achukuavyo mzigo, akaupekua kitu kimoja kimoja, wala hakuuliza nani aliufunga na kwa kufuata nani. Na laiti angetazama, kazi hiyo ilikuwa imekwisha kuanza. Miaka ya 1770 Johann Jakob Griesbach, mudarisi wa Jena, alizichapa Injili za Mathayo, Marko na Luka katika safu, bega kwa bega, si kwa kuziunganisha kama alivyofanya Osiander, bali ili jicho lione papo hapo neno linalofanana na neno linaloachana. Ni kitu kidogo, mpango wa mchapaji tu. Lakini sidhani kama karne ile ilizalisha chombo kikali kuliko hicho.

Ukizitazama safu hizo kwa Kiyunani, jambo la kwanza likupatalo ni kwamba watu hawa hawakukumbuka habari moja tu. Wameandika maneno yale yale. Katika maneno ya Yesu juu ya chukizo la uharibifu kuna kishazi kidogo kinachomtaka asomaye afahamu. Kishazi hicho hakikusemwa na mtu juu ya Mlima wa Mizeituni, kwa kuwa waliokuwapo walikuwa wasikilizaji, si wasomaji. Ni mwandishi anayeyakatiza maneno ili aseme na mwenye kukishika kitabu chake. Nacho kimo katika Marko 13 na katika Mathayo 24, mahali pale pale. Mashahidi wawili wasioonana hawawezi kukatiza maneno kwa kishazi kimoja mahali pamoja. Mmoja alikuwa na karatasi ya mwenzake mbele yake.

Ni nani basi? Kanisa tangu Agostino lilisema Mathayo alitangulia na Marko akamfupisha, na jawabu hilo lilikuwa na faida yake, kwa kuwa Mathayo alihesabiwa kuwa mtume aliyeona kwa macho. Griesbach aliendelea kumtanguliza Mathayo, akamweka Marko wa mwisho. Lakini mwaka ule ule wa 1835, Karl Lachmann, mtaalamu wa maandishi ya kale, alionyesha katika makala fupi ya Kilatini kwamba mpangilio wa habari wa Mathayo na wa Luka huafikiana pale tu wote wawili wanapoafikiana na Marko, na mmoja akiiacha njia ya Marko huenda zake peke yake. Miaka mitatu baadaye watu wawili, kila mmoja kwa kazi yake, Christian Gottlob Wilke aliyekuwa kasisi na Christian Hermann Weisse mwanafalsafa wa Leipzig, walitoa vitabu vya kumtanguliza Marko. Na Weisse akaongeza kwamba yale maneno ya Yesu waliyonayo Mathayo na Luka bila ya Marko yametoka katika chanzo cha pili kilichopotea. Heinrich Julius Holtzmann alilitengeneza jambo hilo mwaka 1863 kwa ushahidi wa lugha uliokusanywa kwa subira, na kutoka hapo likawa rai ya walio wengi.

Nguvu ya hoja haikuwa katika hesabu peke yake, ingawa hesabu ilikuwamo, kwani katika aya za Marko zipatazo 660, zaidi ya 600 zina wenziwe katika Mathayo. Ilikuwa katika namna maneno yalivyobadilika. Katika Marko 10 mtu mmoja anampigia Yesu magoti na kumwita mwalimu mwema, na Yesu anamwuliza kwa nini anamwita mwema, hali hakuna aliye mwema ila Mungu. Luka amelichukua hilo kama lilivyo. Katika Mathayo 19 neno mwema limehama: mtu anauliza atende jambo gani jema, na Yesu anamwuliza kwa nini anamwuliza habari ya wema. Tena, katika Marko 6 Yesu huko kwao hakuweza kufanya mwujiza wowote ila kuwaponya wagonjwa wachache. Katika Mathayo 13 hakufanya miujiza mingi, kwa sababu ya kutokuamini kwao. Ni rahisi kumwona mwandishi mwenye adabu akiliondoa neno linaloweza kumkwaza msomaji. Ni shida kumfikiri mwandishi akiyakuta maneno laini ya Mathayo na kuyafanya magumu. Maji, kwa kawaida yake, hutelemka.

Hoja hiyo haikukosa nyufa, nami nisingependa msomaji adhani kwamba shauri lilikwisha. Katika habari ya kupigwa kwa Yesu, Mathayo na Luka wote wawili wana swali la dhihaka la kumtaka atabiri ni nani aliyempiga, na katika Marko swali hilo halimo. Kama kila mmoja alimfuata Marko pasipo kumjua mwenzake, wamekutanaje hapo? Mifano ya namna hiyo ipo mingi kiasi cha kumnyima mhakiki usingizi, na wako mpaka sasa wanaoshikilia njia ya Griesbach.

Lakini tazama lililotendeka kwa mafundisho. Mtume aliyeona kwa macho sasa alionekana akinakili kitabu cha mtu ambaye hata mapokeo yenyewe yalimwita mfuasi wa Petro tu. Yohana, ambaye juu ya hotuba zake Kanisa lilijenga sehemu kubwa ya itikadi yake ya Uungu wa Kristo, alikuwa amewekwa kando. Baur alimsogeza mpaka karibu na mwaka 170, kipimo ambacho baadaye kiliachwa, lakini hata waliomrudisha nyuma hawakumrudishia cheo cha shahidi wa maneno aliyoyasema Yesu. Na yale mabadiliko madogo kati ya safu na safu yalionyesha itikadi ikiwa bado inakua kalamuni mwa waandishi wenyewe. Wakristo walifundishwa kwamba mitaguso ilifafanua yaliyokuwako tangu mwanzo. Sasa mwanzo wenyewe ulikuwa na tabaka.

Wanazuoni wa njia huria, wengi wao Wajerumani Waprotestanti, hawakuiona hasara hiyo, au waliiona ni biashara yenye faida. Kama itikadi ni tabaka la juu, basi ifukuliwe, na chini yake, katika Marko na katika maneno ya chanzo cha pili, tutamkuta Yesu mwenyewe, mwalimu wa Baba wa mbinguni na wa thamani ya roho ya mwanadamu. Vitabu vya maisha ya Yesu vikamiminika. Kile cha Ernest Renan, Mfaransa aliyevunjiwa darasa lake mwaka 1862 kwa kumwita Yesu mwanadamu asiye na kifani, kilitoka mwaka 1863 na kusomwa na umati ambao haukupata kusikia habari za safu za Griesbach. Ni kitabu cha mandhari nzuri kuliko hoja. Adolf von Harnack aliufikisha mwelekeo huu kileleni kwa mihadhara yake ya Berlin ya 1899 na 1900. Na haukubaki vyuoni: mwaka 1892 kasisi Christoph Schrempf wa Württemberg alifukuzwa kazini kwa kukataa kuisoma Kanuni ya Imani ya Mitume katika ubatizo.

Jengo hili likabomolewa na mafundi wake. Johannes Weiss, mkwe wa Albrecht Ritschl aliyekuwa imamu wa wanazuoni huria, alitoa mwaka 1892, baada ya kufa mkwewe, kijitabu chembamba kilichoonyesha kwamba ufalme wa Mungu katika kinywa cha Yesu haukuwa jamii ya watu wema ikuayo taratibu, bali tendo la Mungu la kuikatisha dunia hii, lililo karibu mno. Kaa la Reimarus likawaka tena. Kisha mwaka 1901 William Wrede wa Breslau akamgusa Marko mwenyewe. Aliuliza kwa nini Yesu wa Marko huamuru kila mara mambo yafichwe, hata pasipofichika. Katika nyumba ya Yairo msichana amekufa, waombolezaji wamejaa wakilia na kupiga kelele, wametolewa nje, na msichana anainuka. Halafu wazazi wanaagizwa kwa nguvu mtu yeyote asijue. Siku ya pili wangemficha wapi? Agizo hilo, asema Wrede, si kumbukumbu ya nyumba ya Yairo. Ni fikra ya imani iliyomo katika uandishi wa Marko, ya kueleza kwa nini Yesu hakujulikana kuwa Masihi mpaka baada ya kufufuka. Kwa hiyo hata aliyetangulia alikuwa mwanatheolojia, na tabaka lililotumainiwa kuwa mwamba lilikuwa ni udongo ule ule.

Albert Schweitzer wa Strasbourg aliyakusanya yote mwaka 1906 katika historia ya utafutaji huo, kutoka Reimarus hata Wrede, akahukumu kwamba kila mwandishi huria alikuwa ameichora sura ya zama zake akaiita Yesu, na kwamba Yesu wa kweli ni mgeni kwetu, mtu aliyeungoja mwisho wa dunia. Hukumu hiyo ilimgharimu: alipotaka kwenda Lambaréné mwaka 1913, chama cha wamisionari cha Paris kiliihofia itikadi yake, na alipata ruhusa kwa ahadi ya kutibu tu na kutohubiri.

Kanisa Katoliki lilijibu kwa amri. Alfred Loisy, kasisi aliyempinga Harnack kwa silaha za uhakiki wenyewe, alitengwa mwaka 1908, mwaka mmoja baada ya Papa Pio X kuulaani mwelekeo huo. Waanglikana walijibu kwa mabishano, na katika hayo Unguja imo. Aya iliyowasumbua ilikuwa ile ya Marko 13 isemayo kwamba siku ile na saa ile hata Mwana haijui. Charles Gore, mwaka 1889, alikiri kwamba Yesu alinena ndani ya mipaka ya elimu ya kibinadamu, hata aliponasibisha Zaburi ya 110 na Daudi, na wazee wa upande wake mwenyewe wakahuzunika. Mwaka 1912 B. H. Streeter wa Oxford aliandika, katika mkusanyo wa makala ulioitwa Misingi, juu ya Kristo wa historia kwa kumfuata Schweitzer kwa sehemu kubwa, na ufufuo akaufasiri kuwa ni maono yaliyotoka kwa Mungu bila ya kuhitaji kaburi tupu. Frank Weston, askofu wa Unguja, aliushambulia mkusanyo huo, na Streeter alipopewa cheo katika kanisa kuu la Hereford, Weston alitangaza mwaka 1915 kwamba jimbo lake halina ushirika na askofu wa huko.

Wengi humkumbuka Weston hapo tu, wakamhesabu katika wasiotaka kusikia. Lakini mwaka 1907, kabla ya kuwa askofu, alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya nafsi ya Kristo, akishikilia kwamba Mwana wa Mungu alipotwaa mwili alijiwekea sharti la kujijua kwa kadiri tu ambayo roho ya kibinadamu yaweza kubeba. Hakuna mwalimu wa karne ya 18 ambaye angeona haja ya kuandika kitabu hicho. Aya ambayo Mathayo wa nakala kadhaa za kale ameipunguza, akamwondoa Mwana miongoni mwa wasiojua saa, askofu wa Unguja aliiacha katika ukali wake wa Marko, akayapanga upya mafundisho yake ili ipate nafasi. Na ugomvi wake na Streeter ulikuwa juu ya kaburi, si juu ya safu za Griesbach.